Mji wa mawe ulioachwa na bahari: kwa nini picha 40 hazijawa mji mmoja

"Shikamoo mwalimu. Tuko watatu, tunatengeneza katuni ya dakika 11 kwa Krita. Ni hadithi ya kubuni: mji wa mawe wa pwani unaamka siku moja na kukuta bahari imeondoka, na binti wa miaka 12 anaifuata ili airudishe. Tumeshachora mandhari 40. Moja moja zinapendeza, lakini tukizipanga watu wanatuuliza kama hii ni miji mitatu. Nakshi za milango ya Zanzibar tumeziweka kila pahali ili ijulikane ni kwetu. Halafu kila kitu kinaonekana bapa, hata tukiongeza vivuli. Tufute vyote tuanze upya, au kuna njia?"

Marahaba, na poleni kwa kazi. Msifute kitu kwanza. Nimeziangalia zile picha sita mlizoambatisha, na mbili nimekaa nazo kwa muda: kile kichochoro cha saa tatu asubuhi na ule ukumbi wa mfalme. Mkono mnao, sina shaka. Kinachokosekana ni kwamba mji wenu haujui umejengwa kwa kitu gani. Kila picha imejibu swali hilo kivyake, ndiyo maana watu wanahesabu miji mitatu.

Nianze na nakshi, kwa sababu ndizo zinazowadanganya. Mlango wa Zanzibar uliochongwa vizuri una mpangilio wake. Kwenye mwimo, mara nyingi chini kabisa kuna mawimbi na samaki, juu yake yungiyungi, kisha mmea unaopanda kwenda juu, na kwenye paji la mlango mara nyingi kuna maandishi. Ni kitu kinachosomwa kutoka chini kwenda juu. Nyinyi mmekata kipande cha mwimo mkakilaza juu ya madirisha, mkakizungusha kwenye ukingo wa kisima, mkakitia kwenye mkanda wa mfalme, na kama macho yangu hayakunidanganya, kipo hata kwenye ubavu wa dau. Samaki wamelala ubavu hewani. Anayeijua milango hiyo atacheka, na asiyeijua ataiona kama karatasi ya kupambia ukuta.

Kanga ina pindo na ina mji. Pindo linaonekana kwa sababu katikati pametulia. Nyinyi mmeshona kanga ambayo yote ni pindo.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosea, si nyinyi tu. Uzuri wa nyumba ya mawe ya pwani ya kale haukuwekwa nje. Nenda Lamu usimame kichochoroni: ukuta mrefu, mweupe au wa kijivu, karibu hauna kitu, dirisha dogo juu huko, na mlango. Ukipita daka, yaani kiingilio chenye baraza zake za mawe, ukaingia kiwanda, ule ua wa ndani, ukavuka msana, ukumbi mrefu unaotazama ua huo, ndipo nakshi zinapoanza kuongezeka, mpaka ufike ndani kabisa kwenye chumba cha mwenye nyumba, ambako ukuta mzima unaweza kuwa umejaa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimepakwa chokaa laini na kuchorwa kingo zake. Kadiri unavyoingia kwenye siri ya nyumba ndivyo ukuta unavyosema zaidi. Hiyo ni kanuni ya kuchora ambayo mmepewa bure na wahenga. Njia za mji wenu ziwe tupu. Binti anapoingia nyumba ya bibi yake, nakshi ziongezeke chumba kwa chumba. Mtazamaji hataambiwa kwamba sasa tumefika mahali pa siri, atahisi tu.

Mlango wa Zanzibar ubaki mmoja katika filamu nzima. Mchague wenyewe ni upi. Ningekuwa mimi ungekuwa ule anaoupita binti akiondoka mjini, na wale samaki wa chini kwenye mwimo wangekuwa wamebanduliwa kwa patasi. Hakuna anayeeleza kwa nini.

Sasa tuingie kwenye mifupa. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukui mrefu na mnyoofu kwa hiari yako. Ndiyo maana chumba cha nyumba ya mawe kina upana wa mita mbili na nusu, tatu kwa shida, hata kama mwenye nyumba ni tajiri wa kutisha. Akitaka chumba kikubwa anakirefusha, hawezi kukipanua. Matokeo yake ni vyumba virefu vyembamba vilivyolala sambamba, kimoja nyuma ya kingine, na kuta nene za kama nusu mita kati yao. Mti mmoja umeamua umbo la nyumba, nyumba zimeamua umbo la kichochoro, na kichochoro, kama nitakavyoeleza, kimeamua mwanga.

Angalieni ukumbi wenu wa mfalme. Kwa kulinganisha na watu mliowachora una upana wa karibu mita 15, dari bapa ya boriti, na hakuna nguzo hata moja. Mtazamaji hajui habari za mikoko, lakini ametoka kuona vyumba vyembamba, na jicho lake limeshajifunza. Anapoingia hapa anahisi kwamba amehamishiwa filamu nyingine. Huo ndio mji wenu wa pili. Wa tatu ni ile minara yenye kuba kama vitunguu, ambayo sidhani kama mnaweza kuniambia imetoka wapi.

Mna njia mbili. Ya kwanza ni kutii. Waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani walitaka nafasi kubwa ya kuswalia, wakaipata kwa kupanga nguzo nyingi karibu karibu na kuezeka kwa kuba ndogo ndogo na matao. Mfalme wenu akiwa na ukumbi kama huo, msitu wa nguzo kila baada ya mita mbili na nusu, mnapata kitu ambacho hamkukitafuta: popote kamera inapokaa, kuna nguzo inayomkata mfalme. Binti anasikia sauti, anaona mkono, anaona nusu ya uso. Mfalme anayejificha kwa sababu ya ujenzi ni bora kuliko mfalme mliyemtilia moshi.

Njia ya pili ni kuvunja, lakini kuvunja kwa makusudi. Hii ni hadithi ya ajabu, mna ruhusa. Kama aliyeiondoa bahari ni jini, basi nyumba ya jini ndiyo pekee katika mji isiyo na boriti. Dari limekaa hewani, chumba kina upana usiowezekana. Baada ya dakika saba za vyumba vyembamba, picha hiyo itamtisha mtazamaji kabla jini hajafungua mdomo. Sharti ni moja tu, kwamba kanuni ivunjwe mahali pamoja. Mkiivunja na kwa mfalme, kwa jini mtakuwa hamna kitu mfukoni. Mimi ningemtiisha mfalme na kumwachia jini.

Sasa alama ya kurudiarudia. Mmeitafuta kwenye milango wakati mmeikalia. Mji wa mawe wa pwani umejengwa kwa bahari. Jiwe la ukutani ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Pale panapotaka nakshi laini, mafundi wa zamani walitumia matumbawe mabichi kutoka majini, ambayo yakiwa bado na unyevu hukatika kirahisi na hukauka yakawa magumu. Hata chokaa ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni. Kuta, lipu na ule weupe wote ni viumbe vya baharini. Ukienda kwenye magofu ya Gede, pale lipu ilipoanguka, utayaona yenyewe kwa macho: vitundu vidogo kama nyota, mikunjo kama ya ubongo, vidole vya matawi.

Kwa hiyo bahari ya mji wenu haijaenda mbali, iko chini ya lipu. Alama yenu ni hiyo: lipu inabanduka, matumbawe yanachungulia.

Na si pambo la kubandika, lina sababu yake. Ukuta wa matumbawe ulio karibu na bahari hunyonya maji ya chumvi kutoka chini. Ukikauka, chumvi hubaki na kugeuka fuwele ndani ya vitundu vya lipu, fuwele hukua, na lipu hupasuka na kumwagika. Mafundi wanaokarabati nyumba za zamani wanalijua hili vizuri mno, ndiyo vita yao ya kila siku. Katika hadithi yenu bahari imeondoka, ardhi inakauka, kuta zinakauka. Ni haki kabisa lipu ianze kudondoka, na ianzie chini, kwenye mita moja ya kwanza kutoka ardhini ambako unyevu ulikuwa mwingi, halafu ipande. Pembe za vichochoro pia zitachubuka, kwenye usawa wa matandiko ya punda. Mkijua sababu, hata mchoraji wa tatu ambaye hakuhudhuria kikao atajua aweke wapi bila kuuliza.

Jinsi ya kuipanga ndani ya dakika 11: mara ya kwanza mtazamaji aione bila kujua kwamba ameona. Watoto wanacheza mpira kichochoroni kabla ya mkasa, mpira unagonga ukuta, kipande cha lipu kidogo kama kiganja kinaanguka, mchezo unaendelea. Hiyo iwe ndani ya dakika ya kwanza. Karibu na dakika ya nne aitambue: binti anajificha usiku, mkono wake unapapasa ukuta kiunoni, vidole vinaingia kwenye vitundu, anaweka sikio. Hapa alama imekuwa kubwa kama mtu. Kwenye dakika ya tisa ukuta mzima umevuliwa lipu na ndio picha yenyewe, hakuna kingine ndani ya fremu. Basi. Kati ya hizo tatu iwepo kwa utulivu chini ya kuta, isitafute kuonekana. Mara tatu za wazi zinatosha kwa filamu fupi.

Tahadhari ndogo ya ufundi. Msitengeneze brashi moja ya matumbawe mkaigonga kila mahali kama muhuri. Chukueni siku moja, mchore kwa mkono vipande sita tofauti, viwili kwa kila aina, na kila kimoja kwa ukubwa mbili. Jicho la mtu ni jepesi mno kugundua kitu kilichorudiwa sawasawa. Nasema kwa aibu yangu mwenyewe: miaka ya nyuma nilichora soko la samaki kwa brashi moja ya vikapu, na kwenye onyesho la kwanza mtoto wa jirani yangu alinyoosha kidole akasema, "Kile kikapu kimetufuata."

Nije kwenye ubapa, ambao kwa kweli ndio ulionifanya niandike marefu hivi.

Faili la kichochoro mlilonitumia nimelifungua. Mmepaka rangi zote, kisha juu mmeweka leya moja ya zambarau iliyoiva kwa `Multiply`, mkafuta pale jua linapopiga. Ni njia ya haraka, na mimi huitumia kwenye rasimu. Lakini inachukulia kwamba kivuli ni utaji, kitu kinachofunika. Kivuli si kitu. Ni mahali ambapo jua halifiki moja kwa moja, lakini mwanga mwingine unafika: wa anga kutoka juu, na wa kudunda kutoka kwenye ukuta wa mbele. Mkifunika vyote kwa zambarau moja mnaifuta mianga hiyo miwili, na hiyo ndiyo inayolipa jiwe unene.

Tukifanye kichochoro hiki hatua kwa hatua. Kwa kumpima binti, upana wake ni kama mita 2 na kuta zina mita 8. Kinaelekea kaskazini na kusini, maana mmeonyesha bahari iliyoondoka upande wa mashariki, nyuma ya ukuta wa kushoto. Ni saa tatu asubuhi, na mmeweka baka zuri la jua chini njiani, miguuni pa binti. Haliwezekani. Mji wa Waswahili uko karibu na ikweta, kwa hiyo tuchukue siku ambayo jua linapita utosini, likipanda nyuzi 15 kila saa. Saa tatu limepanda nyuzi 45 tu. Linapita juu ya ukuta wa mashariki na kugonga ule wa magharibi, na linafika mita 2 tu kutoka ukingo wa juu. Mita sita za chini za ukuta, na njia yote, hazina jua. Saa nne mwanga umeteremka mita tatu na nusu. Saa tano umefika mita saba na nusu, unakaribia ardhi. Chini njiani jua linakaa kwa muda usiofika saa mbili, saa sita ikiwa katikati, kisha linaanza kupanda ukuta wa pili.

Soma tena mstari huo wa mwanga: asubuhi unashuka ukutani, alasiri unapanda ukuta wa pili. Unakupwa na kujaa. Mji umepoteza bahari, lakini mwanga kichochoroni bado unafanya maji. Mimi nilipopiga hesabu hiyo niliweka kalamu chini. Mna saa ya ukutani isiyohitaji maneno, na mna mwanga unaofanana na kile binti anachokitafuta. Itumieni kila tunaporudi kwenye kichochoro hiki.

Sasa rangi. Tuseme 10 ni nyeupe tupu na 1 ni nyeusi. Ule ukanda wa juu wenye jua uko kwenye 9, wa manjano kidogo. Ukuta wa mbele yake, ule wa mashariki, umo kivulini, lakini unatazamana na ukanda unaowaka, kwa hiyo sehemu yake ya juu inapokea mwanga wa kudunda wenye joto: 6, wa rangi ya mchanga, si zambarau hata kidogo. Kadiri unavyoshuka, unakuwa mbali na ukanda ule na anga linaonekana kama utepe tu, kwa hiyo rangi inapoa na kushuka hadi 3 karibu na ardhi. Ndani ya daka, ambako hata utepe wa anga hauonekani, ni 2. Kuta mbili, kivuli kimoja, lakini kina joto juu na ubaridi chini. Fanyeni hilo peke yake, bila kuongeza nakshi wala ufa, na kichochoro kitapata kina. Msiniamini kwa maneno, jaribuni kwenye nakala.

Mtagundua shida moja papo hapo. Binti yenu ana ngozi nyeusi nzuri na mmemvika kahawia, na sasa mmemweka chini, kwenye 3. Atapotea. Kosa la kawaida ni kumpausha binti, au kumzungushia mstari wa mwanga usio na asili. Msimguse. Badilisheni kilicho nyuma yake: mwisho wa kichochoro uwe wazi, na kipande cha mwanga wa mchana cha 7 au 8 kikae nyuma ya kichwa na mabega. Kisha kumbukeni kwamba ngozi nyeusi inang'aa: kwenye paji la uso, daraja la pua na bega, inachukua rangi ya utepe wa anga, buluu hafifu. Michirizi mitatu ya namna hiyo inamtoa ukutani kuliko kumpausha uso mzima. Na kuanzia leo, mandhari yoyote ipakwe rangi huku binti akiwemo ndani ya faili, hata kama ni umbo lake la kijivu tu.

Hali ya mwanga kwa filamu nzima ni jambo ambalo hamwezi kuliamua picha kwa picha. Chukueni karatasi moja ndefu, mchore visanduku 24 vya ukubwa wa kiberiti kwa mfuatano wa hadithi, kimoja kwa kila sekunde 27 hivi. Ndani ya kila kimoja mabaka matatu au manne ya rangi, hakuna mistari, hakuna nyuso. Kazi ya alasiri mbili. Kisha ipigeni picha karatasi hiyo na muiondoe rangi kwa `Desaturate`. Kama visanduku vyote vimekuwa kijivu kimoja cha katikati, mmepata jibu la ubapa wa filamu nzima, maana picha sita mlizonitumia ziko hivyo. Mahali fulani lazima papoe hadi 2 na 3 ili pengine 9 iume. Kwa hadithi yenu ningeanza na weupe mkali wa mji wenye afya, ningezama polepole hadi kwenye giza la nyumba ya jini, na ningeweka visanduku viwili vyeusi kabisa kabla ya mwisho.

Na kuna mwanga mmoja ambao nawaomba muufungie kabatini. Aliyelala kwenye nyumba iliyo ukingoni mwa maji anaujua: jua linagonga mawimbi, linarudi juu kupitia dirishani, na darini kati ya boriti kunacheza nyuzi za mwanga zinazotetemeka. Mwanga huo unatoka chini, na unatikisika. Mchanga mkavu nao unarudisha mwanga juu, tena mwingi, lakini umetulia. Kwa hiyo tangu bahari inapoondoka, pasiwe na mwanga unaotikisika darini popote, hata taa ya kandili ikae imara. Katika picha zenu mbili upo, kwenye chumba cha bibi na kwenye ghala. Nadhani mliuweka kwa sababu unapendeza. Uondoeni. Uonyesheni mara moja mwanzoni, asubuhi ya kawaida, binti akiwa amelala anatazama dari. Kisha urudi dakika ya kumi.

Kuhusu zile 40: chapisheni zote ndogo, mzitandaze sakafuni, mpange mafungu matatu. La kwanza ni zile ambazo mifupa yake ni sahihi na zinahitaji mwanga tu. Kwa nilivyoona hizo zitakuwa zaidi ya nusu, na kila moja haitazidi nusu siku. La pili ni zile zinazohitaji kuvuliwa nakshi na kuongezewa nguzo au kupunguzwa upana. La tatu ni ile minara ya vitunguu na ndugu zake, na hizo ndizo za kuachana nazo. Kwa watu watatu mnaofanya kazi jioni, ni wiki tano au sita. Kuanza upya kungewala miezi, na mngerudia makosa yaleyale, kwa sababu kilichokosekana ni kanuni na si picha. Ubaya wa njia hii niseme ukweli: fungu la pili litabaki na dalili za viraka, na kuna picha tatu nne mtakazozipenda mno ambazo hazitaingia popote. Zitoeni tu.

Mambo mengine siwezi kuyamaliza kwa barua. Tafuteni fundi wa chokaa, Mombasa mji wa kale, Lamu au Mji Mkongwe, popote palipo karibu nanyi, mkae naye siku moja akipiga lipu. Mumwulize ukuta unafia wapi kwanza. Kichochoro kimoja mkisimame saa tatu, saa sita na saa kumi na moja, na karatasi, si simu, kwa sababu kamera ya simu husawazisha mwanga na itawaficha kile mnachokitafuta. Yale maandishi mliyoyanakili kwenye paji la mlango mumpelekee mtu anayeyasoma kabla hayajaenda mbele. Maandishi ya milango mara nyingi ni aya za Kurani, na kwenye picha ya nne herufi mmezigeuza kama kioo, halafu mlango huo anaupiga teke askari. Hilo si suala la rangi tena.

Na kabla ya kupaka picha ya mwisho, ombeni ukumbi wenye projekta kwa saa moja, mrushe visanduku vile 24 ukutani. Projekta nyingi humeza giza: tofauti ya 2 na 3 mnayoiona kwenye skrini yenu huko inapotea. Mkiona nyumba ya jini imekuwa shimo, pandisheni giza lote kwa hatua moja, ila mianga ya juu msiiguse. Nitumieni kichochoro kikiwa tayari, pamoja na binti ndani yake.